Mwana na Madaftari Mawili: Tashbihi, Sitiari na Tashihisi

Ndugu msomaji, huenda jambo hili limepata kutokea nyumbani kwako. Mwana amerejea na madaftari mawili, moja la Kiswahili kutoka shuleni, la pili la Kiarabu kutoka madrasa. Katika la kwanza imeandikwa kwamba "Zaidi ni simba" ni sitiari. Katika la pili, sentensi hiyo hiyo imeitwa tashbihi. Mwana anauliza ni mwalimu yupi aliyekosea. Sisi tunasema hakuna aliyekosea, na sababu yake tutaiona katika ubeti huu tulioutunga kwa ajili ya somo:

Bahari yanuna leo, mawimbi yanagombana,
Vyombo vyaenda kwa mbio, ja swala wakimbizana,
Nahodha ni ngao yao, kwake wote waungana,
Kama watarudi kwao, twende pwani kuwaona.

Tuanze na mshororo wa pili, kwani ndio mwepesi. Vyombo vinafananishwa na swala, na neno la kufananisha limetajwa waziwazi, nalo ni "ja". Hiyo ni tashbihi. Jina lenyewe ni ndugu wa maneno tuliyoyazoea, kushabihi na mshabaha. Mwanafunzi ayatafute maneno kama vile "kama", "mithili ya", "mfano wa" na "sawa na". Akiliona mojawapo, asimame hapo.

Lakini asimame, asikimbilie kuandika jibu. Mshororo wa nne nao una "kama", na wanafunzi wengi wangeuita tashbihi kwa ajili hiyo tu. "Kama" hiyo ni ya sharti, maana yake ni "ikiwa", wala hakuna kilichofananishwa na kingine. Vivyo hivyo, mtu akisema "Ali ni mrefu kama Juma", amepima watu wawili wa jinsi moja, hajapamba lugha. Akisema "Ali ni mrefu kama mnazi", ndipo tashbihi inapopatikana, kwa kuwa mtu amefananishwa na kitu cha jinsi nyingine. Basi neno la kufananisha peke yake halitoshi. Na aulizwe mwana: ni nini kimefananishwa na nini?

Katika mshororo wa kwanza hakuna neno la kufananisha kabisa. Hapo tutazame vitenzi. Anayenuna ni mtu, na wanaogombana ni watu. Bahari na mawimbi vimepewa tabia ya kibinadamu, na hiyo ndiyo tashihisi, neno lenye asili moja na shakhsi, yaani mtu. Tahadhari ni moja: si kila kitenzi kinachofuata kitu kisicho na uhai ni tashihisi. "Jua linachomoza" ni habari ya kawaida, kwani kuchomoza ni kwa jua lenyewe. "Jua linatuchungulia" ni tashihisi, kwani kuchungulia ni kazi ya mwenye macho.

Sasa tufike penye mzozo, mshororo wa tatu. Nahodha ameitwa ngao pasipo "kama" wala "mithili". Katika masomo ya Kiswahili hiyo ni sitiari: kitu kimepewa jina la kingine moja kwa moja. Lakini wanazuoni wa balagha, elimu ya ufasaha wa Kiarabu, huhesabu pande mbili, mfananishwa na mfananishiwa. Zote mbili zikitajwa, kama nahodha na ngao hapa, basi kwao bado ni tashbihi, hata neno la kufananisha likiondolewa. Nao huiita tashbihi balighi. Istiara kwao ni kuazima, na haisemwi mpaka upande mmoja ufichwe.

Kwa kipimo hicho, hata ule mshororo wa kwanza huhesabiwa upande wa istiara: bahari imefananishwa na mtu, mtu akafichwa, ikabaki alama yake, kununa. Wao huiita istiara makniya. Ndiyo maana tashihisi na sitiari huwachanganya wanaoanza. Zina ujamaa wa kweli. Katika somo la Kiswahili, tabia ya kibinadamu ikipewa kisicho binadamu, jibu ni tashihisi.

Basi mwana ajibu kulingana na somo analoulizwa. "Nahodha ni ngao yao" ni sitiari katika daftari la Kiswahili, na ni tashbihi balighi katika daftari la Kiarabu. Akitaka mfano ambao walimu wote wawili wataukubali kuwa ni sitiari, na amfiche nahodha, aseme: "Ngao yao imeshika usukani." Msikilizaji atajua kwamba ngao haishiki usukani, naye atamtafuta nahodha mwenyewe.