Mpaka wa Daraja la Uzito katika Utafutaji wa Pande Mbili wa Ada ya Usafirishaji

Ada ya kusafirisha kifurushi kwa kawaida hutegemea mambo mawili: uzito wa kifurushi na kanda ya mahali kinakopelekwa. Kwa sababu hiyo, viwango vya ada hupangwa katika jedwali lenye madaraja ya uzito upande wa kushoto na kanda upande wa juu, na ada husomwa pale safumlalo ya daraja inapokutana na safuwima ya kanda. Karani mwenye karatasi mkononi hulisoma jedwali hilo kwa vidole viwili bila shida. Kazi hiyo inapokabidhiwa lahajedwali, kwa mfano Excel, kila kidole hugeuka kuwa utafutaji unaojitegemea, na ingawa tafutaji hizo mbili zinafanana kwa sura, kila mojawapo ina kanuni yake. Kanda hutafutwa kwa jina lenyewe: ama imo jedwalini ama haimo. Uzito, kinyume chake, ni nadra kukutwa jedwalini kama ulivyosomwa kwenye mizani. Unachotafutiwa ni daraja linaloubeba. Makala haya yanajikita zaidi katika upande wa uzito, hususani uzito unaoangukia mpakani mwa madaraja mawili. Fomula iliyokosewa hapo haitoi onyo lolote. Hutoa ada halali ya jedwali, ila si ada ya kifurushi kile.

Tuchukue jedwali lifuatalo, ambalo viwango vyake vimetungwa kwa ajili ya mfano na vimetajwa kwa shilingi. Kanda zimepangwa kwa kufuata umbali kutoka Dar es Salaam, na mzigo unaozidi kilo 20 haumo katika viwango hivi.

```
     A          B        C        D
1    Hadi kg    Pwani    Kati     Ziwa
2    1          3000     5000     7000
3    2          4000     6500     9000
4    5          6500     10000    14000
5    10         9000     15000    22000
6    20         14000    24000    36000
```

Neno "hadi" katika seli A1 ndilo linalobeba kanuni yote. Linamaanisha kwamba kifurushi cha kilo 2 kamili kimo katika daraja la kilo 2, na kwamba daraja la kilo 5 linaanza pale tu uzito unapozidi kilo 2, hata kama ni kwa gramu moja. Kila namba ya safuwima A ni kikomo cha juu cha daraja lake.

Fomula ambayo hufundishwa mara nyingi kwa utafutaji wa namna hii huunganisha INDEX na MATCH mbili. INDEX huchukua eneo la ada, kisha hurudisha seli iliyo katika safumlalo na safuwima iliyotajiwa. MATCH ya kwanza humpa nafasi ya safumlalo na ya pili nafasi ya safuwima. Uzito ukiwa katika seli G2 na kanda katika H2, fomula huandikwa hivi:

```
=INDEX($B$2:$D$6, MATCH(G2,$A$2:$A$6,1), MATCH(H2,$B$1:$D$1,0))
```

Kipengele cha tatu cha MATCH ndicho kinachoamua namna ya kutafuta. Sifuri hudai ulinganifu kamili. Moja huamuru kutafutwa kwa namba kubwa kuliko zote miongoni mwa zile zisizozidi uzito uliotolewa, kwa sharti kwamba orodha imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa. Hapa ndipo mgongano unapozuka. Amri ya 1 husoma kila namba kama mwanzo wa daraja, ilhali jedwali letu limeandika mwisho wa daraja. Kifurushi cha kilo 2.3 kinachokwenda Kati kinapaswa kutozwa shilingi 10000, lakini fomula iliyo hapo juu huishia kwenye namba 2, ambayo ndiyo kubwa isiyozidi 2.3, na kurudisha 6500. Kifurushi cha kilo 0.6 hakipati ada kabisa. Kinapata #N/A, kwa kuwa hakuna namba jedwalini isiyozidi 0.6.

Hiyo #N/A ya vifurushi vidogo humzindua mtumiaji haraka, naye hurekebisha jedwali badala ya fomula. Anabadilisha safuwima A isomeke "Kuanzia kg" na kuandika 0, 1, 2, 5 na 10. Sasa kilo 0.6 hutozwa ada ya safumlalo ya kwanza, kilo 2.3 hutozwa 10000, na kila uzito wa katikati ya daraja hutoa jibu sahihi. Marekebisho haya yanapendeza machoni, na ndiyo sababu yana hatari kuliko kosa la awali. Kifurushi cha kilo 2 kamili kinachokwenda Kati, ambacho kwa viwango vilivyotangazwa ni cha 6500, sasa kinatozwa 10000. Ni ziada ya shilingi 3500 kwa mteja ambaye hajakosea chochote, na itajirudia kwa kila kifurushi cha kilo 1, 2, 5 au 10 kamili. Uzito wa namna hiyo si wa nadra. Bidhaa nyingi, zikiwemo sukari, unga na mchele, hufungashwa kwa kilo kamili, na baadhi ya mizani na makarani hukadiria uzito hadi kilo kamili iliyo karibu. Kadiri uzito unavyokadiriwa, ndivyo vifurushi vinavyorundikana mipakani.

Jedwali hilo lililogeuzwa lina dosari nyingine upande wa chini. Kwa kuwa namba 10 ndiyo ya mwisho, uzito wowote kuanzia kilo 10 huishia hapo. Gunia la kilo 35 linalokwenda Kati litatozwa 24000, ada ya daraja la kilo 10 hadi 20, wakati kwa mujibu wa viwango vyetu mzigo huo haukupaswa kupata ada yoyote bila makubaliano maalumu. Safari hii anayeumia ni msafirishaji. Kimsingi, jedwali la "kuanzia" halina mwisho isipokuwa mtu awekee mwisho huo kwa makusudi.

Suluhisho la msingi ni kuuacha mpangilio wa "hadi" kama ulivyotangazwa na kutafuta kwa amri inayokubaliana nao, yaani kutafuta kikomo kidogo kuliko vyote miongoni mwa vile visivyopungua uzito uliotolewa. MATCH inaweza kufanya hivyo kwa kipengele cha -1, lakini hudai orodha ipangwe kutoka kubwa kwenda ndogo, jambo linalolipindua jedwali juu chini na kulifanya lisilingane na karatasi ya viwango. Katika Excel 2021 na Microsoft 365 ipo XMATCH, ambayo kwa kipengele cha 1 hutafuta ulinganifu kamili, na ukikosekana huchukua namba kubwa inayofuata, bila kudai mpangilio huo. Kwa matoleo ya zamani, njia nyepesi ni kuhesabu vikomo vilivyopitwa na uzito, kisha kuongeza moja:

```
=INDEX($B$2:$D$6, COUNTIF($A$2:$A$6,"<"&G2)+1, MATCH(H2,$B$1:$D$1,0))
```

Kwa kilo 2 kamili, kikomo kilichopitwa ni kimoja tu, yaani 1. Jumla ni 2, na safumlalo ya pili ya eneo la ada, upande wa Kati, ni 6500. Kwa kilo 2.3 vikomo vilivyopitwa ni viwili, jumla ni 3, na ada ni 10000. Kwa kilo 35 vikomo vyote vitano vimepitwa. INDEX inaagizwa safumlalo ya sita ambayo haimo katika eneo hilo, nayo hurudisha #REF!. Kosa hilo ni la manufaa. Kulifunika kwa IFERROR inayorudisha 0 ni kugeuza mzigo usio na kiwango kuwa mzigo wa bure. Aidha, ikumbukwe kwamba uzito wa 0 hautoi kosa bali ada ya safumlalo ya kwanza, hivyo seli ya uzito ihakikiwe kuwa ina namba iliyo juu ya sifuri kabla ya ada kusomwa.

Upande wa kanda una mtego mmoja unaostahili kutajwa. Kipengele cha tatu cha MATCH kikiachwa, Excel huchukulia kuwa ni 1, hata kwa maneno. Utafutaji huo huigawa orodha nusu kwa nusu kwa kudhani kwamba imepangwa kialfabeti, ilhali kanda zetu zimepangwa kwa umbali: Pwani, Kati, Ziwa. Anayetafuta Pwani huanzia katikati, kwenye Kati. Kwa kuwa Kati hutangulia Pwani katika alfabeti, utafutaji husonga kulia na kukuta Ziwa, ambayo imepita, kisha hurudi na nafasi ya Kati. Mteja wa Pwani hutozwa ada ya Kati. Kati na Ziwa zenyewe hutoa majibu sahihi, kwa hiyo anayejaribu kanda hizo mbili pekee hataona tatizo. Ulinganifu kamili, kwa upande wake, hukwaza penye nafasi tupu mwishoni mwa jina: "Kati" na "Kati " si neno moja. Hata hivyo, hapo #N/A hujitokeza na kosa hutambulika.

Kutokana na hayo, majaribio ya jedwali la namna hii hayapaswi kufanywa kwa uzito uliookotwa ovyo. Kilo 2.3 hutoa jibu moja katika fomula iliyo sahihi na katika ile ya "kuanzia", haitofautishi chochote. Vinavyotofautisha ni vikomo vyenyewe. Kwa kila kikomo ijaribiwe namba yenyewe, kisha namba iliyoizidi kidogo: kilo 2 na kilo 2.001, kilo 5 na kilo 5.001, na kuendelea hadi kilo 20 na kilo 20.001, ambayo sharti itoe kosa. Ada ibadilike kati ya namba hizo mbili na si kabla yake. Kila kanda ijaribiwe walau mara moja.

Limebaki suala la uzito unaopatikana kwa kujumlisha. Kompyuta huhifadhi namba za desimali kwa mfumo wa jozi, ambamo 0.1 na 0.2 hazina umbo kamili. Jumla yake huhifadhiwa ikiwa imezidi 0.3 kwa kiasi kidogo mno kisichoonekana katika seli. Jedwali likiwa na kikomo cha kilo 0.3 na utafutaji ukifanywa kwa XMATCH, kifurushi chenye vitu viwili vya uzito huo kinaweza kupelekwa daraja linalofuata, huku skrini ikionesha 0.3 pande zote mbili. Kukadiria jumla kwa ROUND hadi desimali 3 kabla ya kutafuta huondoa ziada hiyo. Njia iliyo safi zaidi ni kuandika uzito na vikomo kwa gramu, 300 badala ya 0.3, kwa sababu namba kamili za ukubwa huo huhifadhiwa na kujumlishwa bila kubaki wala kupungua.