Shingo ya Kifungo

Kifungo cha koti kikidondoka, wengi hulaumu uzi. Mara nyingi kosa ni kwamba kifungo kilishonwa kikabanwa mno kwenye kitambaa. Upande wa koti wenye tundu una unene wake, na kifungo kikishafungwa, unene huo lazima upate mahali pa kukaa. Usipoachiwa nafasi hujisukuma chini ya kifungo na kuvuta nyuzi kila mvaaji anaponyoosha mkono, hadi zikatike moja moja. Dalili huonekana mapema: kitambaa hujikunja kukizunguka kifungo.

Dawa yake ni shingo ya uzi, na kinachohitajika ni njiti moja ya kiberiti.

Tuseme koti la sare ya shule limepoteza kifungo cha kati, chenye matundu manne. Uzi wa poliesta unafaa, kwa kuwa huvumilia msuguano kuliko ule wa pamba. Uzi uliokaa droo miaka mingi uvutwe kwanza kwa mikono miwili. Ukikatika kirahisi, utupwe. Rangi iwe nzito kidogo kuliko ya kitambaa, maana uzi mmoja mmoja huonekana mweupe zaidi kuliko ulivyo kwenye kibiringo. Sindano za mkono huhesabiwa kinyume na wengi wanavyodhani: namba ikipanda, sindano huwa nyembamba. Namba 7 hupenya koti bila kupinda, na bado hupita kwenye matundu ya kifungo.

Uzi ukiwa umekunjwa mara mbili, urefu wa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko unatosha. Ukizidi hapo hujisokota na kufunga mafundo njiani.

Kabla ya kushona, vifungo vingine vyote vifungwe, koti lilazwe mezani, kisha pini ichomwe kupitia tundu lililobaki bila mwenzake. Ilipogusa kitambaa cha chini ndipo mahali pa kifungo. Hapo fundi hushona mishono midogo miwili, huweka kifungo, hulaza njiti juu yake katikati ya matundu na kushona kupita juu ya njiti: mara tatu au nne kwa jozi ya kwanza, kisha vivyo hivyo kwa ya pili. Njiti ikichomolewa, kifungo hulegea. Kinavutwa juu, sindano hutokezwa chini yake, na uzi huzungushwa kwa kukaza mara tano au sita kwenye nyuzi zilizosimama. Hiyo ndiyo shingo. Fundo humalizikia nyuma ya kitambaa.

Kitambaa kikiwa kimechanika pale kifungo kilipong'oka, shingo peke yake haitaokoa kitu. Kipande kidogo cha kitambaa kigumu kiwekwe kwa nyuma, na mishono yote ipite humo.

Shati jepesi huhitaji shingo fupi zaidi: pini badala ya njiti, na mizunguko miwili. Kifungo cha pambo kisichofungwa kamwe hakihitaji shingo.