Kilele na bonde vinapokutana: hesabu ya gesi inayotoka Rungwe

Mwanafunzi wa kidato cha sita, mkazi wa Mwanjelwa, ametuandikia swali fupi. Kwa nini, anauliza, vitabu vya hesabu vinamtaka kila mara atafute a na b ili mchoro uwe na kilele, bonde au nukta ya mgeuko mahali fulani palipoamuliwa? Nani amewahi kuhitaji mchoro wenye nukta ya mgeuko mahali anapopataka yeye?

Jibu liko karibu na kwake. Chini ya mlima Kyejo, wilayani Rungwe, gesi ya kabonidayoksaidi inatoka ardhini yenyewe, nayo huvunwa na kampuni ya TOL Gases, husafishwa, hugandamizwa mpaka iwe kimiminika na kuuzwa. Gesi ya aina hiyo ndiyo inayotoa povu kwenye soda, na ndiyo iliyomo ndani ya baadhi ya mitungi ya kuzimia moto. Wahandisi huhitaji mchoro wa gesi hiyo uwe na nukta ya mgeuko mahali pamoja tu, si pengine, na kwa sharti hilo peke yake hupata a na b.

Tuanze na mtungi wenyewe. Mitungi mingi ya kuzimia moto ya unga ina geji ndogo yenye mshale. Mtungi wa kabonidayoksaidi, ule wenye pembe nyeusi mdomoni, hauna geji kabisa, na fundi anayeukagua huuweka kwenye mizani. Hakuna uzembe hapo. Kwa joto la nyuzi 20, presha ndani ya mtungi huo ni takriban angahewa 57, yaani mara 57 ya presha ya hewa ya usawa wa bahari, na itabaki hivyohivyo mtungi ukiwa umejaa au umebaki nusu, mradi bado kuna kimiminika chini na mvuke juu. Ukitoa gesi kidogo, kimiminika kidogo huchemka na kujaza nafasi. Geji ingeonyesha 57 leo, 57 kesho, kisha ingeporomoka ghafla siku kimiminika kinapokwisha. Ndiyo maana unapimwa uzito.

Hali hiyo ina ukomo. Mwaka 1869 Thomas Andrews wa Belfast alitangaza kwamba kabonidayoksaidi ikizidi nyuzi 31 hivi haiwi kimiminika tena, hata uigandamize vipi. Kwenye nyuzi 31 na angahewa 72.8, mpaka kati ya kimiminika na mvuke unafifia na kutoweka, na kilichobaki ni kitu kimoja tu. Mbeya, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,700, joto la hewa hufika hapo mara chache. Dar es Salaam mchana wa Februari linafika bila shida.

Sasa turudi kwenye daftari. Chukua y = x³ − 6x² + bx. Mteremko wake ni 3x² − 12x + b, na mteremko wa mteremko ni 6x − 12. Huo wa pili ni sifuri x ikiwa 2, basi nukta ya mgeuko iko hapo, b iwe namba yoyote. (Nasema nukta ya mgeuko kwa sababu mpindo wa mchoro unageuka pale: uliokuwa umeinamia chini unaanza kuinamia juu.) Lakini b ndiyo inayoamua kinachotokea kandokando ya nukta hiyo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo.

Weka b = 9. Mteremko unakuwa sifuri mahali pawili: kilele kiko kwenye x = 1 na bonde kwenye x = 3. Weka b = 11.25. Kilele kimesogea hadi 1.5, bonde limesogea hadi 2.5. Kila unapoongeza b vinakaribiana, kimoja kila upande wa 2, vikiifuata nukta ya mgeuko iliyosimama katikati bila kutikisika. Kwenye b = 12 vinagongana. Mlinganyo unageuka kuwa (x − 2)³ + 8, na mahali vilipokuwa kilele na bonde pamebaki kipande kidogo kilicholala sawa. Pita 12 na hata hicho hakipo; mchoro unapanda tu moja kwa moja.

Fikiria barabara inayopanda mlima kuelekea Chunya, halafu ufikirie kwamba katikati ya mpando kuna kigongo kinachofuatwa na kibonde: gari linapanda, linashuka kidogo, linapanda tena. Mhandisi anataka kuwaondolea madereva adha hiyo. Greda linakata kigongo na udongo uleule unamwagwa kwenye kibonde. Siku ya kwanza kigongo ni kifupi kidogo na kibonde ni cha kina kidogo, lakini zaidi ya hapo vimesogeleana, kwa sababu ncha ya kigongo iliyobaki iko mbele zaidi na kitako cha kibonde kiko nyuma zaidi. Siku inayofuata vimesogeleana tena. Inafika saa moja tu, si kabla wala baada, ambapo dereva hashuki popote lakini kuna hatua moja anayohisi gari limetulia kana kwamba liko uwanjani. Greda likipita mara moja zaidi, utulivu huo nao unakwisha, na barabara ni mpando mtupu. Namba b ni kazi ya greda. Kutafuta b ni kuuliza: nikate mpaka wapi ili nisimame saa hiyohiyo?

Katika gesi, greda ni joto.

Johannes van der Waals, Mdachi aliyeanza maisha akifundisha shule ya msingi, aliandika mwaka 1873 katika tasnifu yake ya Leiden kwamba presha ya gesi inafuata P = RT/(V − b) − a/V². Herufi V ni ujazo, T ni joto likihesabiwa kuanzia sifuri halisi, na R ni namba ileile kwa gesi zote. Herufi b hapa, si ile ya daftari, ni nafasi inayochukuliwa na molekuli zenyewe. Herufi a ni nguvu ya kuvutana kwao, inayopunguza kishindo chao ukutani. Kila gesi ina a yake na b yake, na hakuna rula ya kuvipima.

Chora P dhidi ya V kwa joto la chini: mchoro unashuka kutoka kushoto, unaingia bondeni, unapanda kileleni, unashuka tena. Ni barabara yetu ikitazamwa na mtu anayeteremka. Gesi halisi haipiti kwenye bonde na kilele hicho. Inakatiza kwa mstari uliolala, na mstari huo ndio angahewa 57 zisizobadilika ndani ya mtungi. James Clerk Maxwell alionyesha mwaka 1875 mstari huo upite wapi. Ongeza joto, na kilele na bonde vinakaribiana. Kwenye nyuzi 31 lazima vigongane, kwa kuwa Andrews ameona mpaka ukitoweka hapo. Kwa hiyo hatuna haja ya kuzipima molekuli. Tunauambia mchoro: nukta yako ya mgeuko iliyolala iwe hapa, kwenye joto hili na presha hii. Masharti mawili, namba mbili za kutafuta.

Mteremko ukiwa sifuri tunapata RT/(V − b)² = 2a/V³. Mteremko wa mteremko ukiwa sifuri tunapata 2RT/(V − b)³ = 6a/V⁴. Gawanya wa kwanza kwa wa pili, na a pamoja na T vinapotea vyote: (V − b)/2 = V/3, yaani V = 3b. Nimelifanya gawio hili mbele ya wanafunzi, na kila mara darasa linanyamaza, maana milinganyo miwili mizito imebaki mstari mmoja ambao mtoto angeutatua. Rudisha 3b ndani na upate RT = 8a/27b na P = a/27b². Geuza, na namba zetu ni b = RT/8P na a = 27Pb².

Tuweke tarakimu za gesi ya Rungwe. Nyuzi 31 ni kelvini 304.1. Kwa gramu 44 za gesi, na ujazo ukipimwa kwa sentimita za ujazo, RT/P ni 342.8; sehemu yake ya nane ni 42.85. Hiyo ndiyo b. Hakiki: kipande cha kwanza cha mlinganyo kinatoa angahewa 291.2, cha pili kinaondoa 218.4, na tofauti ni 72.8 kamili.

Usiishie hapo, kwa kuwa wengi hupoteza alama hapa. Mteremko wa mteremko kuwa sifuri hakutoshi kuthibitisha nukta ya mgeuko. Mchoro wa x⁴ una sifuri hiyo kwenye x = 0 lakini pale ni bonde tupu. Lazima uonyeshe kwamba alama inageuka unapovuka. Kwa van der Waals, ukinyambua mara ya tatu kwenye V = 3b unapata −a/81b⁵, ambayo si sifuri, kwa hiyo mgeuko ni wa kweli.

Kosa la pili ni kudai masharti mengi kuliko namba ulizonazo. Tumechagua joto na presha. Ujazo haukuulizwa, umejitokeza wenyewe kuwa 3b, yaani 128.6. Kabonidayoksaidi halisi ina 94 hivi. Hakuna a na b zitakazoridhisha vyote vitatu, na mwanafunzi anayepata milinganyo mitatu kwa namba mbili aanze kwa kuangalia kama inapatana kabla hajaanza kutatua. Mchoro halisi pia umelala zaidi pale kuliko mchoro wowote wa aina hii.

Hata hivyo wahandisi hawakuiacha njia. Mwaka 1949 Otto Redlich na Joseph Kwong walibadilisha kipande cha kuvutana, wakaacha sharti lilelile la mgeuko uliolala, na ujazo ukashuka hadi 114. Mwaka 1976 Ding-Yu Peng na Donald Robinson wakabadilisha tena, ukawa 105. Kila mara umbo la mlinganyo ni jipya, lakini a na b hupatikana kwa swali lile analolifanya mwanafunzi wa Mwanjelwa, na mlinganyo wa Peng na Robinson bado unatumika kukadiria presha ya gesi katika mitungi, mabomba na viwanda.