Ukuta wa Kioo na Siku Tano za Kompyuta

"Kaka, kazi nzuri sana. Toa tu ule ukuta wa sebuleni uweke kioo, na mchana uwe jioni, taa zimewaka. Kesho naomba video."

Mteja wangu anajenga nyumba za kuuza. Video ya sekunde 20 niliyomtengenezea ilionyesha nyumba ambayo hata msingi wake haujachimbwa. Nilimjibu kwa barua:

"Kaka, habari za kazi. Mabadiliko yako nimeyachora kwa saa mbili. Kinachohitaji siku ni kurenda, yaani kompyuta kupiga hesabu ya mwanga ili itoe picha kamili. Kila sekunde ina fremu 25, kwa hiyo video yako ni picha 500. Mwanzo picha moja ilichukua dakika 6, jumla saa 50. Leo nimejaribu picha tano kutoka sehemu mbalimbali, wastani umekuwa dakika 14. Kwa picha 500 ni saa 117 hivi, karibu siku tano usiku na mchana. Naomba siku sita, ili moja ibaki ya kurudia fremu zitakazoharibika."

Dakika hizo zinaliwa na mwanga. Programu ninayotumia, Blender, hufuata miale inavyogonga vitu na kudunda. Kwenye ukuta wa matofali mwale huishia nje. Kwenye kioo sehemu yake hurudi, sehemu hupenya sebuleni, igonge kochi, dari na sakafu. Jua la mchana nalo humulika kila kitu moja kwa moja, ilhali taa ndogo za ndani ni miale michache tu inayozifikia. Miale isipotosha, picha huwa na chenga kama televisheni ya zamani iliyokosa mawimbi. Katika majaribio yangu zilijaa kwenye kona nyuma ya kochi, na vidoa vyeupe vikametameta juu ya kioo. Dawa ni kuongeza miale, lakini ili chenga zipungue kwa nusu, miale huhitajika mara nne.

Mteja aliuliza kwa nini nisibandike kioo kwenye picha za zamani. Kama angebadili geti linaloonekana sekunde nne za mwisho tu, ningerenda fremu 100. Kama angetaka rangi iwe angavu kidogo, ningeirekebisha juu ya picha zilizopo siku hiyohiyo. Lakini jioni hugusa kila kivuli cha kila fremu.

Akauliza tena: "Tukiacha mchana, kioo kibaki?" Nikajaribu picha zilezile tano. Wastani ulikuwa dakika 9, jumla saa 75, siku tatu na ushei. Akachagua hiyo. Tangu hapo sianzi kurenda video yoyote kabla mteja hajaona picha tatu zilizokamilika na kuandika kwamba kuta, vifaa na saa ya siku amevikubali.