Pauni 300 za matangazo ya duka: zinakwenda wapi, na nani anajua?

LEICESTER, Uingereza

Wasomaji wetu kadhaa wenye maduka, wa huku ughaibuni na wa nyumbani, wametuuliza kuhusu matangazo ya kulipia ya Google. Wengi hawaulizi namna ya kutangaza. Wanauliza kwa nini kila mwezi fedha zinatoka na hawaoni zimeleta nini. Sisi tumekuwa tukisimamia matangazo ya maduka madogo kwa miaka kadhaa, na jibu letu huwa si la kiufundi sana. Mara nyingi tatizo linaanzia kwenye mapatano ya malipo baina ya mwenye duka na yule anayemsimamia matangazo. Tutaeleza kwa mfano wa duka moja, ambalo hatutalitaja jina.

Duka hilo liko hapa Leicester, si mbali na barabara ya Narborough. Linauza unga wa sembe na wa muhogo, maharage, nazi, samaki wa barafu, majani ya chai ya kwetu na mazagazaga mengine. Mwenyewe ni mzee wa Kimvita aliyeingia nchi hii zamani. Alikuwa akimlipa wakala mmoja pauni 300 kila mwezi, malipo ya mkupuo, matangazo na ujira humo humo. Kila tarehe moja alikuwa akipokea karatasi nzuri yenye rangi, ikisema tangazo lake limeonekana mara elfu kadhaa na limebonyezwa mara mia kadhaa.

"Wanangu," alituambia, "limeonekana na nani? Mimi hapa kaunta sijamwona mtu."

Tukamwomba aingie kwenye akaunti yake ya matangazo. Hakuwa nayo. Akaunti ilikuwa ya wakala, kwa jina la wakala na kadi ya wakala. Baada ya wiki mbili za kupigiana simu tukapewa ruhusa ya kutazama tu bila kugusa, na hapo mambo yakaonekana.

Kati ya pauni 300, zilizofika kwenye matangazo zilikuwa 170. Nyingine 130 zilikuwa ujira, jambo ambalo mzee hakuwahi kuambiwa. Sisi hatusemi kwamba ujira wa pauni 130 ni mwingi. Tunasema kwamba mtu anayelipa mkupuo hawezi kujua, na wakala anayepokea mkupuo anapata zaidi kila anapotangaza kidogo.

Hizo 170 nazo zilikuwa zimetawanyika. Pauni 58 zilikwenda kwenye matangazo ya picha ndani ya michezo ya simu, ambako watoto hubonyeza kwa bahati mbaya. Chanzo chake ni kisanduku kidogo cha Display Network ambacho mtu asipokiondoa wakati wa kufungua kampeni ya utafutaji, fedha hutoka huko pia. Pauni 47 nyingine zilitumika kwa watu wasiokuwa Leicester kabisa, wengine wakiwa Nairobi na Kampala. Google humchukulia mtu anayetafuta habari za mji fulani kama mtu "mwenye shauku" na mji huo, na mpangilio unaokuja wenyewe ni Presence or interest. Duka linalopeleka mizigo kwa gari moja halimtaki mtu mwenye shauku, linamtaka mtu aliyepo. Kwa hiyo mpangilio huo hubadilishwa uwe Presence peke yake.

Zikabaki pauni 65 kwa wanunuzi wa kweli, na humo humo tukakuta waliotafuta "mandazi recipe" na "african shop jobs". Hao huonekana kwenye orodha iitwayo Search terms, yaani maneno yenyewe ambayo watu waliandika. Maneno kama "recipe", "jobs" na "wholesale" yanaongezwa kwenye orodha ya kuzuiwa, na kazi hiyo haichukui nusu saa.

Ushahidi uliotuuma zaidi ulikuwa mahali pengine. Kila akaunti ina ukurasa wa Change history, unaoandika kila badiliko, tarehe yake na nani aliyelifanya. Kwa miezi minne ukurasa ule ulikuwa mtupu. Msomaji mwenye duka, kama huna muda wa kujifunza kitu kingine chochote, jifunze kuufungua ukurasa huo. Si kwamba badiliko lifanywe kila siku, la hasha, kuchokonoachokonoa kampeni nako kunaiharibu. Lakini miezi minne bila hata neno moja kuzuiwa maana yake hakuna aliyetazama.

Tukaanza upya. Akaunti mpya ilifunguliwa kwa barua pepe ya mzee na kadi ya benki ya mzee, nasi tukaunganishwa kama wasimamizi tu, ambao anaweza kuwatoa siku yoyote. Historia ya akaunti ya zamani ilibaki kwa wakala, na hilo ndilo hasara ya kutomiliki akaunti. Siku mnapoachana, yeye anaondoka na kumbukumbu zote.

Bajeti tuliiweka pauni 8 kwa siku. Hapa wenye maduka wengi hushtuka, kwani asubuhi moja wataona zimetoka 14 au hata 16. Google inaruhusiwa kutumia hadi mara mbili ya bajeti kwa siku moja, ila kwa mwezi mzima haitakiwi kuvuka bajeti ya siku mara 30.4. Pauni 8 mara 30.4 ni pauni 243 na peni 20. Tangu Novemba 2020 pia kuna nyongeza ya asilimia 2 kwa matangazo yanayoonyeshwa Uingereza, kwa hiyo mzee tulimwandikia pauni 248. Kampeni ilikuwa moja tu. Kuzigawa pauni 8 katika kampeni tano ni sawa na kupika kilo moja ya mchele kwenye sufuria tano.

Likabaki suala la ujira, na hapa ndipo tulipokaa na mzee jioni nzima.

Njia ya kwanza, inayotumiwa sana na makampuni makubwa, ni asilimia ya fedha za matangazo. Asilimia 15 ya pauni 243 ni kama pauni 36. Kazi ya mwezi kwa duka hili ni saa tatu hivi, kwa hiyo ni pauni 12 kwa saa, na hakuna fundi mzuri atakayeendelea kwa ujira huo. Atakachofanya ni kimoja kati ya viwili: aache kutazama, au akushawishi uongeze bajeti. Asilimia si dhambi kwa duka linalotumia pauni 5,000 kwa mwezi. Kwa duka la pauni 243 inamweka msimamizi upande usiokuwa wako.

Njia ya pili mzee aliipenda mno: kulipa kwa kila mteja anayeletwa, bila mteja hakuna malipo. Sisi tuliikataa, na si kwa kuogopa kazi. Njia rahisi kuliko zote ya "kuleta" wateja ni kutangaza kwa jina la duka lenyewe. Mama aliyekwishaamua kuja dukani anaandika jina la duka kwenye simu ili apate namba, anabonyeza tangazo lililo juu, anapiga. Wakala anamhesabu kuwa mteja wake, na mzee analipia mtu ambaye angekuja tu. Tena nani atahesabu? Wiki ya kuelekea Idi duka linajaa lenyewe, hapo ugomvi hauepukiki.

Tukakubaliana ujira usiobadilika: pauni 120 mara moja kwa kuanzisha, halafu pauni 100 kwa mwezi, zikiandikwa mbali na fedha za matangazo ambazo Google inazikata moja kwa moja kwenye kadi yake. Kila upande unaweza kuvunja kwa taarifa ya siku 30. Njia hii nayo ina kasoro yake, kwani msimamizi mvivu analipwa sawa na mwenye bidii, na ndiyo maana ripoti ikawa lazima.

Ripoti yetu ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na haina idadi ya mara tangazo lilipoonekana. Ina fedha zilizotoka, wateja wapya walioingia, faida waliyoacha, na tulichobadilisha. Kuhesabu wateja tulitumia njia mbili. Google ilihesabu simu zilizodumu zaidi ya sekunde 60 na watu waliobonyeza kitufe cha WhatsApp. Kaunta, kijana wa mzee alikuwa na daftari, na kila sura mpya ikaulizwa, "Umetujuaje?" kisha anapiga kijistari. Mwezi wa tatu Google ilisema 31, daftari likasema 22. Tukaandika 22. Kuna watu hupiga simu mara mbili, wengine huuliza bei wakaishia hapo, na siku moja tuligundua mpwa wa mzee alikuwa akilibonyeza tangazo kila asubuhi kuona kama lipo!

Sasa hesabu yenyewe. Mteja mpya alinunua kwa wastani pauni 34, na ukitoa bei ya mzigo duka linabaki na pauni 8 na nusu. Wateja 22 ni pauni 187. Gharama ya mwezi, 248 na ujira 100, ni 348. Kwa hesabu hiyo mzee amepata hasara, na mwezi wa kwanza alipata hasara kubwa zaidi. Lakini mnunuzi wa sembe hurudi. Kutokana na daftari la namba za wanaoagiza, wateja 20 wa miezi miwili ya nyuma walikuwa bado wanakuja, kama mara mbili kila mmoja, na hao waliacha pauni 340. Jumla ni 527, kwa hiyo mwezi wa tatu ulikuwa wa kwanza kuleta ziada, pauni 179. Ukijumlisha na hasara za miezi miwili ya mwanzo mzee alikuwa bado yuko chini kwa pauni 161, na tuliliandika hilo mstari wa juu kabisa, kwa herufi nzito.

Hesabu kama hii isingefaa kwa duka la magodoro, maana godoro harinunuliwi kila wiki mbili. Hapo mteja wa kwanza lazima alipe gharama yake siku ile ile.

Mwezi wa tano, mzee akiwa amekwisharudisha fedha zake, akatuita. "Sasa tuongeze maradufu," akasema. Tukafungua naye akaunti. Katika utafutaji unaohusu bidhaa zake ndani ya eneo anakopeleka mizigo, tangazo lilikuwa linaonekana kama mara 8 kwa kila 10, na zilizokosekana kwa sababu ya bajeti zilikuwa chache sana. Fedha za ziada zingelazimika kwenda kwa watu wa mbali au kwa maneno yasiyohusika. Tukamwambia asiongeze. Ujira wetu ulikuwa pauni 100 aongeze asiongeze.

Fedha hizo alizitia kwenye friji ya pili ya samaki, kuukuu lakini nzima.