Kina kinachosubiri mwenzake

Sikiliza ubeti huu mfupi, nilioutunga kwa ajili ya makala haya:

Mkopo niliupata
kwa sauti ya karimu;
leo deni lanifata,
sauti sasa ni sumu.

Kila mshororo una mizani 8, na vina vinapishana: ta, mu, ta, mu. Mshororo wa 1 ukiisha, sikio linabaki na *ta* isiyo na mwenzake. Kabla haijapata jibu, *mu* nayo inafunguliwa. Msikilizaji anabeba mambo mawili kwa wakati mmoja, mkopo na sauti, mpaka yote mawili yajibiwe kwa zamu: mkopo umekuwa deni, ukarimu umekuwa sumu. Hoja ya jana na leo imejengwa na vina vyenyewe, bila neno "lakini" hata moja.

Sasa hamisha mshororo wa 3 uufuate wa 1. *Pata* inajibiwa papo hapo na *fata*, habari ya deni inakwisha, na sauti inakuja kama jambo jingine, na "kwa sauti" haina tena pa kushika. Maneno ni yaleyale. Kilichopotea ni kule kusubiri.

Mpishano huu hufa kirahisi. Kina chetu ni silabi ya mwisho tu, na silabi hiyo haina mkazo. Ukichagua *ni* na *li*, irabu ni moja, na mtu akighani haraka havitofautiki. Ndiyo maana nilichukua *ta* na *mu*. Kujipima, soma kwa sauti maneno ya mwisho pekee: niliupata, karimu, lanifata, sumu. Usiposikia pande mbili, msikilizaji wako naye hatazisikia.

Soneti za Shakespeare, zilizochapishwa mwaka 1609, kwa kawaida hupanga beti tatu za namna hii, kila moja na vina vyake vipya, kisha mishororo miwili ya mwisho hupeana kina kimoja. Kila vina vinapobadilika, mshairi hupata nafasi ya kuligeuza jambo lake upande mwingine. Ile miwili ya mwisho, kwa kuwa haisubiri chochote, hukata shauri.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili huenda ameshatabasamu. Unganisha ubeti wangu mbili mbili:

Mkopo niliupata, kwa sauti ya karimu,
leo deni lanifata, sauti sasa ni sumu.

Hiyo ni mishororo miwili ya tarbia, *ta* ikiwa kina cha kati na *mu* cha mwisho. Mpishano tunao siku zote, ila tunauandika kwa upana.

Tofauti ni kwamba tarbia hudai mshororo wa 3 wenye vina vilevile kabla ya kituo. Swali na jibu vimeshatimia. Huu wa 3 ulete nini? Hapo ndipo wengi hujaza mizani kwa "nasema" na "jamani". Mimi huufuta kwanza, nikasoma kituo bila huo. Kituo kikisimama vilevile, siurudishi mpaka nipate la kusema.