Bodi misti au o de twaleti: unalipia nini?

Tuseme dukani kuna bodi misti ya mililita 250 kwa shilingi 25,000 na o de twaleti ya mililita 50 kwa shilingi 90,000. Misti kwa kawaida huwa na mafuta ya manukato asilimia 1 hadi 3, o de twaleti asilimia 5 hadi 15. Tukichukua asilimia 2 kwa ya kwanza na 10 kwa ya pili, kila chupa ina mililita 5 za mafuta hayo, na kilichobaki kwa sehemu kubwa ni alkoholi na maji. Kwa nini basi moja iwe ghali zaidi ya mara tatu?

Jibu liko kwenye ngozi. Mpulizo mmoja hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya mililita. Ukijipulizia o de twaleti mara nne, umepata manukato ambayo kwa misti yangehitaji mipulizo 20, na hapo utakuwa umelowa. Unalipia pia mpangilio wa harufu. Ndimu na chungwa huruka upesi, maua hufuata, kisha miski, msandali na vanila hubaki kwa saa nyingi. Misti nyingi huegemea zile za mwanzo, ndiyo maana hupendeza mara moja na kupotea ndani ya saa moja au mbili, hasa kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa.

Lakini aina ya harufu inaweza kushinda jina la chupa: misti ya vanila huweza kudumu kuliko o de twaleti ya ndimu. Kwa hiyo usinunue kwa kunusa mara moja tu, maana dakika ya kwanza unanusa alkoholi na harufu nyepesi. Puliza mkononi, zunguka sokoni nusu saa, kisha nusa tena. Soma na orodha ya viambato, ambayo huanza na kilicho kingi: Aqua ikitangulia Parfum, maji yamezidi manukato.

Binafsi ningetumia misti baada ya kuoga jioni, kabla ya kulala, au kwenye ofisi ndogo yenye kiyoyozi ambako harufu nzito huwachosha wenzako. Tangulia na losheni isiyo na harufu, kwa kuwa ngozi kavu haishiki manukato vizuri. Misti isichukue nafasi ya diodoranti, kwani haizuii jasho wala bakteria wanaolifanya linuke.

Kwa harusi inayoanza saa kumi alasiri hadi usiku wa manane, misti ingekulazimu kubeba chupa kubwa mkobani na kurudia kila mara. Hapo ningelipia o de twaleti, hata ya chupa ndogo.